Mapato ya makadirio ya YouTube: matangazo, Premium na uanachama

Tuchukue chaneli ya mwalimu wa ngoma wa Bagamoyo, anayefundisha watu kupiga kwa mkono na kwa fimbo. Sehemu ya watazamaji wake wako Bara na Visiwani, sehemu nyingine wako Ulaya, ambako watu hujifunza ngoma kwa kutazama. Akifungua YouTube Studio, akaingia `Analytics` kisha `Revenue`, anakuta `Estimated revenue`, yaani mapato ya makadirio. Jumla ile inachanganya pesa za asili tofauti, na kila moja ina sababu zake za kupanda na kushuka.

Fungu la kwanza ni matangazo. Tangazo linaloonekana kabla au katikati ya video ndefu huleta pesa kutoka kwa mfanyabiashara anayetangaza, na mwenye chaneli hupata asilimia 55. Kiasi anachoona kwenye ripoti kimeshatolewa sehemu ya YouTube, kwa hiyo asikikate tena. Fungu hili hutegemea sana nchi ya mtazamaji na msimu. Disemba watangazaji hugombea nafasi, Januari wengi hurudi nyuma, na pesa hushuka hata kama watu wametazama vilevile.

Fungu la pili ni la watu wanaolipia YouTube Premium. Hawa hawaoneshwi matangazo. Sehemu ya ada yao hugawiwa wenye chaneli kulingana na muda ambao watu hao wa Premium wameitazama kazi ya kila mmoja. Hapa ndipo somo refu la ngoma, linalotazamwa mpaka mwisho na kurudiwa, humfaa mwalimu wetu kuliko klipu fupi inayofunguliwa na kuachwa. Kuna jambo wengi hawalitambui: mtu wa Premium anahesabiwa kama mtazamaji, lakini kwenye fungu la matangazo haongezi hata senti.

Fungu la tatu, uanachama, ni ada ya kila mwezi ambayo shabiki huilipia chaneli yenyewe. Mwenye chaneli hupata asilimia 70 baada ya kodi na makato ya duka la programu. Wanachama 10 wa dola 2.99 kila mmoja, tukiacha kodi na makato hayo pembeni, humwachia kama dola 21, hata kama mwezi huo hakupandisha video yoyote.

Sasa tuweke hesabu za mfano. Mwezi wa kwanza video zake zimetazamwa mara 40,000, na mapato ni dola 96: matangazo 58, Premium 17, uanachama 21. Mwezi wa pili zimetazamwa mara 30,000, na mapato ni dola 80: matangazo 38, Premium 17, uanachama 25, kwa kuwa wanachama wamefika 12. Ripoti pia huonesha RPM, yaani mapato kwa kila kutazamwa mara 1,000, na hiyo hukusanya mafungu yote pamoja. Mwezi wa kwanza ilikuwa dola 2.40, wa pili ni dola 2.67. Ukitazama RPM peke yake utadhani video zimeanza kulipa vizuri zaidi. Lakini gawa matangazo peke yake: dola 1.45 kwa kila mara 1,000 mwezi wa kwanza, kisha dola 1.27 mwezi wa pili. Matangazo yamedhoofika. Kilichoinua RPM ni wanachama wawili wapya, na Premium isiyoshuka, huku idadi ya kutazamwa ikipungua. Nisingemshauri mwalimu huyu abadilishe mtindo wa video kwa sababu ya RPM hiyo. Ningemwambia kwanza aangalie ni video zipi ambazo watu wa Premium wamezitazama kwa muda mrefu.

Kugawa mafungu pia hurahisisha kujua tatizo liko wapi. Matangazo yakishuka ghafla kwenye video moja tu huku uanachama ukiwa palepale, angalia kama video hiyo imedaiwa hakimiliki. Muziki wa mtu mwingine uliosikika nyuma ya ngoma unaweza kupeleka pesa za matangazo kwa mwenye muziki, ilhali ada ya wanachama haihusiani na video moja. Uanachama ukishuka peke yake, kuna walioacha kulipa au waliorudishiwa pesa.

Na neno makadirio lichukuliwe kama lilivyo. Mibofyo isiyo halali huondolewa baadaye, na madai ya hakimiliki yanaweza kurekebisha hesabu ya siku zilizopita. Kiasi kilichothibitishwa huingia AdSense, akaunti ya Google ya kupokelea malipo, kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata. Mwalimu akitaka kukodi spika kwa onyesho la mwisho wa mwezi, asiahidi malipo kwa kutumia namba aliyoiona tarehe 30.