Utumbo msumbufu: maana yake, na kwa nini siliaki hupimwa kabla ya kuacha ngano

Utumbo msumbufu ni hali ambayo tumbo husokota mara kwa mara, hujaa gesi, na choo hubadilika, huku kuta za utumbo zikiwa hazina kidonda wala mchochota unaoonekana. Kasoro yake imo katika namna utumbo unavyojongea na namna mishipa ya fahamu inavyopeleka habari kwenye ubongo, hata gesi ya kawaida ikahisiwa kama maumivu. Kwa mujibu wa vigezo vya Roma, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua hali hii, vilivyotolewa mwaka 2016, maumivu yawe yamejitokeza angalau siku moja kwa wiki, kwa wastani, katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 kabla. Aidha, angalau mambo mawili kati ya haya yawepo: maumivu yahusiane na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni ibadilike, au choo chenyewe kibadilike kuwa kigumu au laini.

Ugumu ni kwamba magonjwa mengine ya aina mbili huweza kuleta malalamiko hayohayo. Katika siliaki, gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba, na vijinyweleo vinavyofyonza chakula hulala bapa. Katika magonjwa ya mchochota wa utumbo, yaani ugonjwa wa Kroni na kolaitisi ya vidonda, ukuta wa utumbo huvimba na kuchubuka. Damu katika choo, homa, kupungua uzito bila kukusudia na kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini haviwezi kuelezwa na utumbo msumbufu peke yake, kwa hiyo hudai uchunguzi zaidi. Hata hivyo, kukosekana kwa dalili hizo hakutoshi kuiondoa siliaki, ambayo yaweza kujificha nyuma ya upungufu wa madini ya chuma tu.

Chukulia, kwa mfano, mwanamke wa miaka 29 ambaye tumbo limemsokota kwa miezi 14, akiharisha siku kadhaa na kukosa choo siku nyingine. Hana damu katika choo, na uzito wake haujashuka. Hemoglobini yake imeshuka hadi gramu 10.4 kwa desilita na akiba yake ya chuma iko chini, jambo ambalo ni rahisi kulibebesha hedhi na kulisahau. Kipimo cha kalprotektini, protini inayoachwa na chembe nyeupe za damu katika choo, kinaonyesha mikrogramu 32 kwa gramu. Kwa kuwa kiwango hicho ni chini ya 50, mchochota wa utumbo hauelekei kuwepo. Kingekuwa kati ya 50 na 250, kingerudiwa baada ya wiki chache, akiwa ameacha dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo, sawa na maambukizi ya tumbo, huweza kukipandisha bila ya Kroni wala kolaitisi.

Kipimo cha damu cha siliaki, kinachotafuta kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminesi, kinarudi bila kasoro. Wengi wangeishia hapo na kumwambia ana utumbo msumbufu. Lakini alipoulizwa anakula nini, alisema kwamba aliacha ngano miezi minne iliyopita, na kweli gesi ilipungua. Hapo ndipo penye mtego: gluteni ikiondolewa, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, kwa hiyo kipimo humpima mtu aliyekwisha kujitibu nusu. Wala nafuu ile haithibitishi siliaki, kwa sababu ngano ina pia wanga unaochachuka tumboni, ambao huwasumbua hata wenye utumbo msumbufu.

Anaombwa kurudia kula gluteni, katika mlo zaidi ya mmoja kila siku, kwa wiki 6, ingawa si wote wanaokubali, maana maumivu hurudi. Damu inapopimwa tena, hupimwa pia jumla ya kingamwili za kundi la IgA, kwa kuwa kipimo cha siliaki hutafuta kingamwili za kundi hilo, na aliyezaliwa na upungufu wake huweza kuonekana salama ilhali ni mgonjwa; huyo hutafutiwa kingamwili za kundi la IgG. Jumla yake ni ya kawaida, ila kingamwili za siliaki sasa zimepanda sana. Kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo kadhaa huchukuliwa, kwa kuwa madhara huweza kuwa sehemu moja na kukosekana nyingine. Chini ya darubini, vijinyweleo vimelala. Mwanamke huyu ana siliaki, na mkate ambao wiki iliyopita alihimizwa kuula, kuanzia leo hatakiwi kuugusa tena.