Mwimbaji Hajameza Neno: Dhana Potofu Kuhusu Kujaza Nafasi Katika Nyimbo za Kiingereza

Karibu kila ninapogawa karatasi yenye maneno ya wimbo wa Kiingereza na nafasi za kujaza, baada ya kusikiliza mara ya pili mwanafunzi mmoja hunyoosha mkono na kusema: "Mwalimu, huyu anameza maneno." Wenzake huafiki. Dhana hiyo hunisumbua kuliko zote, kwa sababu anayeiamini huacha kusikiliza. Ameshaamua kwamba kosa ni la mwimbaji, au la Wamarekani, au la lugha ya mitaani.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichomezwa. Katika Kiingereza, silabi yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu na urefu, na zile zinazoizunguka hufupishwa hadi irabu zake hupoteza umbo. Maneno madogo ya kisarufi, kama vile "and", "of", "to", "have" na "her", yana matamshi mawili yaliyo halali: lile la nguvu, ambalo hutumika neno linaposisitizwa au linaposimama peke yake, na lile dhaifu, ambalo ndilo la kila siku. Hata msomaji wa taarifa ya habari huyatamka hivyo. Sisi wenyewe husema "nshamwambia" badala ya "nimekwisha kumwambia", na hakuna anayelalamika. Tofauti ni kwamba irabu ya Kiswahili isiyo na mkazo kwa kawaida hubaki na sauti yake, ilhali ya Kiingereza mara nyingi hugeuka kuwa irabu fupi ya katikati, inayotamkwa ulimi ukiwa umetulia na midomo ikiwa imelegea. Sikio letu huipokea kama "a" hafifu, au haliipokei kabisa.

Tuchukue mstari nilioutunga kwa ajili ya darasa: "I should have told her at the end of it." Niliacha wazi yote yaliyo kati ya "I" na "the", yaani maneno matano. Mwanafunzi mmoja makini alijaza "should tolerate", na alikuwa na sababu. Neno "have" lilikuwa limepoteza "h" na kubaki "av". "Her" nalo lilipoteza "h" kwa kuwa liko katikati ya kishazi bila mkazo. "D" ya "told" iliikamata irabu iliyofuata, na "r" ikaivuka mipaka ya neno na kushikana na "at". Kilichofika sikioni ni "shudavtoldarat".

Nilimwomba aiandike sauti hiyo kwa herufi za Kiswahili kabla ya kufikiria neno lolote la Kiingereza, kisha ahesabu silabi. Alipata tano: shu-dav-tol-da-rat. Jibu lake lilikuwa na nne tu, na silabi ya mwisho ya "tolerate" husikika wazi kama "reit", si "rat" hafifu aliyoiandika. Kwa hiyo jibu lilianguka kwa ushahidi wake mwenyewe. Hapo ndipo sarufi ilipoingia: baada ya "should", umbo la "told" haliwezi kusimama bila "have", hata kama sikio limepata "a" peke yake. Sarufi hiyohiyo ndiyo inayomwokoa anayeandika "should of", kwa kuwa matamshi dhaifu ya "have" na ya "of" yanaweza kufanana kabisa na sikio pekee haliwezi kuyatenganisha.

Wapo wanaoamini kwamba kupunguza kasi ya wimbo kutayarudisha maneno. Kupunguza kasi hurefusha kile kilichorekodiwa tu. "H" ambayo haikutamkwa haitatokea hata ukisikiliza kwa nusu ya kasi. Ninaruhusu kasi ndogo baada ya jibu kupatikana, ili mwanafunzi asikie viungo vilivyoshikana.

Walimu wenzangu nao hupenda kuondoa nomino ngumu na maneno ya vina. Zoezi la namna hiyo hupima msamiati, na mara nyingi kina chenyewe humpa mwanafunzi jibu kabla hajasikia chochote. Ikiwa lengo ni sauti dhaifu, basi yaondolewe maneno madogo, mawili au matatu yanayofuatana, na idadi yake iandikwe kando ya nafasi.

Dhana ya mwisho ni kwamba wimbo wowote unafaa. Mahadhi yanaweza kuliweka "of" au "to" juu ya noti ndefu, na hapo mwimbaji hulitamka kwa irabu kamili ambayo katika mazungumzo isingesikika. Kabla ya kuchagua wimbo, ninausoma mstari kwa sauti ya kawaida, kisha ninausikiliza ukiimbwa. Neno dogo likiangukia pigo zito au likivutwa, nafasi hiyo siiachi wazi.