Kuzima na kuwasha hula mafuta zaidi?

"Gari langu likisimama linajizima lenyewe, nikiachia breki linawaka. Huko kuwasha kila mara si ndiko kunakomaliza mafuta?"

Hapana. Injini ya moto huwaka upya kwa mafuta machache mno, takriban yale ambayo ingetumia ikiunguruma sekunde 10 hivi. Chukua injini ya lita 1.5 inayotumia kama lita 0.8 kwa saa ikiwa imesimama. Ukisubiri dakika mbili kwenye kizuizi cha barabarani njia ya Lindi kwenda Mtwara, ingeteketeza mililita 27 hivi. Ikijizima, unalipia mbili tu za kuiwasha. Lakini ukisimama sekunde tano, hupati kitu. Na kwa kuwa foleni zetu si za Dar es Salaam, akiba ya mwezi ni ndogo.

Kwa hiyo wanaobonyeza kitufe cha kuzuia injini isijizime wana hoja, ila si hiyo ya mafuta. Kubwa ni joto: injini ikizima, kompresa ya eisii nayo husimama kwenye magari mengi, na jua la Mtwara halisubiri. Nyingine ni betri. Mfumo huu unataka betri maalumu, yenye maandishi kama M-42 au Q-85 kwa magari ya Kijapani, na bei yake imechangamka. Ukifungiwa ya kawaida itachoka mapema. Dalili ya betri kuchoka ni kwamba gari linaacha kujizima hata injini ikiwa imepata moto, kwani kompyuta inalinda chaji iliyobaki.