Kugawa bajeti ya matangazo ya biashara ndogo: mfano wa karakana ya sare za shule Arua

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaokuja kutuomba ushauri huwa wameshatenga fedha za matangazo kabla hawajajua mteja mmoja anawaachia faida kiasi gani. Matokeo yake ni kwamba fedha hizo hugawanywa kwa mazoea, sehemu kubwa ikipelekwa redioni kwa sababu jirani naye alitangaza huko, na msimu ukiisha hakuna anayeweza kusema kilichorudi. Makala haya yanaeleza njia nyingine kwa kutumia mfano wa karakana ya kushona sare za shule mjini Arua, Uganda, inayojiandaa kwa muhula wa kwanza unaoanza mwezi wa Februari. Bei zote humu ni za mfano, hivyo kila msomaji aweke za kwake.

Tuseme sare moja inauzwa shilingi 45,000, na kitambaa, uzi, vifungo na ujira wa fundi vinachukua 31,000. Faida ghafi ni 14,000, na kwa kuwa mzazi kwa kawaida hununua sare mbili, kila mzazi anaacha 28,000. Kodi ya pango, umeme na riziki ya mwenye karakana vyote vinatoka humo. Mwenye karakana wetu ameamua kwamba nusu ya faida hiyo, yaani shilingi 14,000, ndiyo kiwango cha juu anachoweza kutumia kumpata mzazi mmoja mpya. Njia yoyote ya matangazo itapimwa kwa kikomo hicho, hata iwe na sifa gani mjini.

Hesabu ya pili husahaulika mara nyingi, nayo ni ya uwezo wa kushona. Cherehani tano, kila moja ikitoa sare nne kwa siku kwa siku 26 za kazi, hutoa sare 520, ambazo zinatosha wazazi 260. Mwaka uliopita walikuja wazazi 160 bila tangazo lolote. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ya wazazi 100 tu, na kwa kikomo cha 14,000 kila mmoja, bajeti yote haiwezi kuzidi shilingi 1,400,000. Mwenye karakana ametenga 1,200,000.

Tuanze na redio, kwa kuwa ndiyo inayomeza fedha nyingi. Matangazo 20 ya nusu dakika kwa shilingi 30,000 kila moja ni 600,000, lakini bei zinazotajwa kwa mdomo mara nyingi hazijajumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na mfanyabiashara ambaye hakusajiliwa kwa kodi hiyo hawezi kuirudisha. Jumla inakuwa 708,000, na kurekodi tangazo kukigharimu 100,000 inafika 808,000. Ukigawanya kwa 14,000, redio inapaswa kuleta wazazi 58 ili isivuke kikomo. Tuweke idadi hiyo akilini tunapoangalia njia nyingine.

Kuwakumbusha wazazi wa mwaka jana kwa simu na kwa WhatsApp kunagharimu kama shilingi 60,000 za vocha. Hapa kuna mtego, kwa sababu wengi wao wangekuja hata bila kukumbushwa, na kuwahesabu wote kama matunda ya ujumbe ni kujidanganya. Kipimo cha haki ni kugawa orodha mafungu mawili bila kuchagua, kukumbusha fungu moja kwanza na kuliacha la pili kwa wiki mbili. Wakija 52 kati ya 80 waliokumbushwa, na 44 kati ya 80 ambao hawakukumbushwa, basi ujumbe umeleta wazazi wanane tu. Hata hao wanane wachukuliwe kwa tahadhari, maana kwa idadi ndogo hivi tofauti inaweza kutokea kwa bahati. Tukadirie 12 kwa orodha nzima.

Njia ya tatu ni kumpa shilingi 5,000 kwa simu kila mzazi anayemleta mwenzake. Pamoja na ada ya kutuma, tuseme ni 5,500. Uzuri wake ni kwamba fedha hutoka baada ya mteja kupatikana, mradi zitumwe tu pale mzazi mpya anapokuwa ameshalipa arbuni na namba yake haimo katika daftari la zamani, la sivyo watu watapeana majina ya ndugu zao waliokwisha kuwa wateja. Tukitarajia 30, gharama ni 165,000. Vipaza sauti vya sokoni, kwa tangazo la shilingi 5,000 mara 24, vinachukua 120,000, na tunakadiria wazazi 12.

Ukumbusho, zawadi za kuleta wenzao na vipaza sauti kwa pamoja vinaleta wazazi 54, na nafasi inayobaki ni ya 46. Redio ilihitaji 58. Hata redio ikifanya kazi vizuri kupita kiasi, karakana haina cherehani za kuwahudumia watu wa kutosha kuilipa. Nafasi yake ichukuliwe na jambo dogo zaidi: mtangazaji aitaje karakana mara nane katika kipindi kimoja kinachosikilizwa na wazazi, kwa Kilugbara na Kiswahili. Kwa 25,000 kila mara, na kodi juu yake, ni 236,000, ambazo zinahitaji wazazi 17. Matangazo ya kulipia ya Facebook tumeyaacha, kwa sababu mtandao huo ulifungwa nchini Januari 2021, na anayeuingia kwa VPN huonekana kama yuko nchi nyingine, jambo linalovuruga kulenga watu wa mji mmoja.

Mpango mzima sasa unatumia 581,000 kwa wazazi 71, na baada ya kulipa matangazo inabaki faida ya 1,407,000. Lakini makadirio ni makadirio, kwa hiyo tujaribu na nusu yake: wazazi 35, gharama ya 498,500 kwa kuwa zawadi zinapungua, na bado zinabaki 481,500. Mpango unaostahimili nusu ya matarajio yake unaweza kuanza.

Shilingi 619,000 zinazosalia zisiguswe hadi wiki ya kwanza ihesabiwe. Redio itaje namba moja ya simu na kipaza sauti kitaje nyingine, kwa kuwa ukiwauliza watu tu, wengi hujibu "redioni" kwa mazoea. Kisha itazamwe gharama ya mteja anayefuata, si wastani. Tuseme kipaza sauti kilitumia 60,000 wiki ya kwanza kikaleta wazazi wanane, na 60,000 wiki ya pili kikaleta wanne. Wastani ni 10,000, unaoonekana mzuri, lakini kila mzazi wa wiki ya pili amegharimu 15,000, tayari juu ya kikomo. Soko lile limeshasikia. Fedha zaidi zipelekwe kwenye kipaza sauti cha soko jingine, au zibaki mfukoni.

Wakati wa kukubaliana na redio, omba haki ya kusimamisha matangazo yaliyosalia na kurudishiwa fedha zake au kuyahamishia muhula wa pili. Oda zikifikia uwezo wa cherehani mapema, kila tangazo linaloendelea kusikika linaita mzazi ambaye sare ya mtoto wake haitakuwa tayari siku ya kufungua shule.