Mkataba mama na barua zake: leo masharti ni yapi?

Mtu akikuuliza mkataba wako wa fremu unasemaje, huwezi kujibu kwa kufungua barua ya mwisho peke yake. Mkataba ambao umefuatiwa na barua za marekebisho hauko kwenye karatasi moja. Uko kwenye mkataba mama pamoja na kila barua iliyougusa, na masharti ya leo ni yale yanayobaki baada ya kuzisoma zote kwa pamoja.

Chukua mfano wa fremu ya vitenge Kariakoo. Mkataba mama ni wa miaka mitano kuanzia 1 Aprili 2021. Kifungu cha 3 kinasema kodi ni shilingi 800,000 kwa mwezi, na hulipwa miezi sita kwa mkupuo kabla ya kipindi kuanza. Kifungu cha 4 kinasema mwaka wa nne ukianza, kodi itapanda kwa asilimia 10 ya ile inayolipwa wakati huo. Kifungu cha 9 kinataka notisi ya miezi mitatu. Kifungu cha 14 kinasema badiliko lolote liwe la maandishi na lisainiwe na pande zote mbili.

Mimi huanza na hicho cha 14, kwa sababu ndicho kinachoamua karatasi ipi iingie kwenye hesabu na ipi ikae pembeni.

Kwenye faili mna barua nne. Ya kwanza inapandisha kodi hadi 900,000 kuanzia 1 Aprili 2022, "masharti mengine yote yakibaki kama yalivyo". Hii haina utata: tarakimu imebadilika, malipo ya miezi sita yamebaki. Ya pili inatoa punguzo la 150,000 kwa mwezi kuanzia Septemba 2022 hadi mwisho wa Februari 2023, kwa kuwa jengo lilikuwa kwenye ukarabati. Punguzo hilo lilijifia lenyewe siku ilipofika, na kodi ikarudi 900,000. Haikurudi 800,000, maana barua ya kwanza ilikuwa bado hai.

Ya tatu ndiyo yenye mtego. Inasema: "Kifungu cha 3 kinafutwa chote na badala yake kisomeke: mpangaji atalipa kodi ya shilingi 950,000 kwa mwezi kuanzia 1 Januari 2024." Mwandishi wake alikuwa akifikiria bei tu. Lakini amefuta kifungu kizima, na sentensi ya miezi sita kwa mkupuo ilikuwa humo humo. Imeondoka nacho. Angeandika "tarakimu 900,000 isomeke 950,000", isingeguswa.

Barua ya nne inapunguza notisi iwe mwezi mmoja. Imesainiwa na mwenye fremu peke yake. "Mimi hiyo nilipokea tu, sikuisaini," anasema mpangaji. Kwa kifungu cha 14, hilo ni pendekezo, na notisi bado ni miezi mitatu.

Sasa, ugomvi wao. Mwenye fremu alidai 1,045,000 kwa mwezi, zilipwe za miezi sita, yaani 6,270,000 mezani. Mpangaji akajibu kwamba barua ya mwisho aliyosaini inasema 950,000, na kwamba malipo ni ya mwezi. Kila mmoja alishika nusu. Kifungu cha 4 hakikuguswa na barua yoyote, kwa hiyo 1 Aprili 2024 asilimia 10 ya 950,000, yaani 95,000, iliongezeka. Kodi ni 1,045,000. Ila maandishi hayamlazimishi tena mpangaji kulipa ya miezi sita kwa mkupuo.

Njia ninayotumia ni ya peni na fotokopi. Nazipanga barua kwa tarehe ya kuanza kutumika. Tarehe iliyo juu ya barua inaweza kudanganya, kwani barua ya Novemba huweza kuanza kazi Januari. Kisha napita kifungu kwa kifungu kwenye fotokopi ya mkataba mama, nakata maneno yaliyofutwa na kuandika ukingoni barua iliyoyafuta. Kifungu kisicho na mkato kinaendelea kufanya kazi, hata kama wote wamekisahau. Fotokopi hiyo ni ya kusomea tu. Karatasi zenye saini ndizo mkataba.

Kuna mahali maandishi hayatoshi. Kama baada ya Januari 2024 mpangaji aliendelea kulipa miezi sita sita bila neno, mwenye fremu anaweza kudai kwamba hawakukusudia kabisa kuufuta utaratibu ule, na hapo risiti zitaulizwa pamoja na barua. Hawa wawili hawakufika huko. Waliandika barua ya tano, ya mistari minne, kwamba kodi italipwa miezi mitatu mitatu kabla, na safari hii wote wakasaini.