Je, wajua kwa nini arifa hulala njiani simu inapobana betri?

“Kwa nini arifa nyingine haziingii mpaka niishike simu, na nyingine haziji kabisa hadi niifungue programu yenyewe? Nifanyeje?”

Maneno hayo mawili, kuishika simu na kuifungua programu, yanaeleza hitilafu mbili zisizofanana, na dawa ya moja haiiponyi nyingine. Wengi hukimbilia mipangilio na kubonyeza kila kitu kinachotaja betri, kisha hushangaa kuona hali ni ileile, kwa sababu hawakutazama kwanza arifa iliingia wakati gani hasa.

Watu hudhani kwamba kila programu imekaa macho ndani ya simu, ikiulizia kwa seva yake kama kuna jipya. Kwenye simu nyingi za Android haiko hivyo. Kuna muunganisho mmoja tu unaotumiwa na karibu programu zote, na unashikiliwa na Google Play services kwenda kwenye huduma iitwayo Firebase Cloud Messaging, yaani FCM. Mtu akikutumia ujumbe, seva ya programu hiyo huukabidhi kwa FCM, FCM huupitisha kwenye muunganisho huo, na simu huiamsha programu husika ili ionyeshe arifa. Simu isiyo na huduma za Google hutumia njia ya mtengenezaji wake, lakini mpangilio ni huohuo: bomba moja, milango mingi. Ujumbe basi unaweza kukwama kwenye bomba, au ukafika salama na kukuta mlango umefungwa.

Tuanze na bomba. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 kuna hali iitwayo Doze, ambapo simu iliyozimwa skrini, isiyochajiwa na iliyotulia mahali pamoja huingia usingizini, ikazizuia programu kutumia mtandao isipokuwa katika vipindi vifupi vya kuamka. Katika Android ya asili, kipindi cha kwanza cha usingizi mzito ni kama saa moja, kisha huongezeka maradufu hadi kufikia saa 6, ingawa watengenezaji hubadilisha vipimo hivyo watakavyo. Mwaka 2016 Android 7 iliongeza usingizi mwepesi, ambao huanza hata simu ikiwa mfukoni mwa mtu anayetembea.

Hata hivyo Doze haikukusudiwa kuzuia ujumbe wa rafiki yako. Mtumaji huupa kila ujumbe kipaumbele, ama cha juu ama cha kawaida, na wa kipaumbele cha juu hupenya usingizi huo na kuiamsha programu papo hapo, ilhali wa kawaida husubiri kipindi kijacho cha kuamka, au mpaka uwashe skrini. Kwa hiyo ukiona programu moja tu inachelewa mpaka uishike simu, huku nyingine zikiingia kwa wakati, huenda waliotengeneza programu hiyo wanatuma kwa kipaumbele cha kawaida, na hakuna kitufe kwenye simu yako kinachoweza kubadilisha uamuzi uliofanywa kwenye seva yao. Waandikie wao.

Zikichelewa programu zote, kisha zikamiminika pamoja mara tu skrini inapowaka, bomba lenyewe lilikatwa. Simu kadhaa zina mpangilio wa kuzima data dakika chache baada ya skrini kufungwa, au wa kukata mtandao usiku zinapoona mwenye simu amelala, na mara nyingi mpangilio huo umefichwa ndani ya ukurasa wa betri, mahali ambapo mtu mwenye tatizo la mtandao hatafikiria kutazama. Kwenye simu nyingi unaweza kuthibitisha kwa kuandika namba hii kwenye sehemu ya kupiga simu:

```
*#*#426#*#*
```

Hufunguka ukurasa wa uchunguzi wa FCM wenye kueleza kama simu imeunganishwa na tangu lini. Ukiufungua mara baada ya simu kulala kwa saa moja, ukakuta muunganisho una umri wa sekunde chache tu, umempata mhalifu: muunganisho ulikatika skrini ilipozima, ukarudi ulipoiwasha.

Mlango uliofungwa ni jambo jingine, na ndiko lawama nyingi zinakostahili kwenda. Android inayo hali iitwayo kusimamishwa, ambayo programu huwekwa mtu anapobonyeza “Force stop”. Programu iliyosimamishwa haiamshwi na ujumbe wowote wa FCM, hata wa kipaumbele cha juu, mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono wake. Kanuni hiyo ina mantiki, kwa kuwa aliyeisimamisha aliamua hivyo mwenyewe. Tatizo ni kwamba watengenezaji kadhaa, ili betri yao isifiwe kwa kudumu, wameongeza walinzi wao juu ya Doze, na walinzi hao huisimamisha programu usiyoifungua kwa siku kadhaa, au ile uliyoifagia kutoka kwenye orodha ya programu za hivi karibuni. Katika Android ya asili kule kufagia hakuisimamishi programu. Kwenye simu hizo kunaweza kuisimamisha. Programu maarufu mara nyingi husamehewa tangu kiwandani, na ndiyo maana mtu husema, “Mbona ile nyingine inaingia vizuri?”, akaihukumu programu ndogo ya kazini kwake kosa lisilo lake.

Shemeji yangu hupokea zamu za kazi kupitia programu ya namna hiyo, na kwa majuma mawili alikuwa akifika kazini bila kujua kwamba zamu imehamishwa. Jioni moja tukaketi na simu yake. Tuliichomoa kwenye chaja, maana simu inayochajiwa hailali, na jaribio lolote linalofanywa simu ikiwa kwenye chaja halithibitishi kitu. Mwenzake alituma ujumbe wa kwanza saa 2:05 usiku programu ikiwa wazi, ukaingia papo hapo. Kisha shemeji akafanya kama afanyavyo kila siku: akaifagia programu, akafunga skrini, akaiweka simu mezani. Ujumbe wa pili ulitumwa saa 2:15 na wa tatu saa 3:10, simu ikakaa kimya. Saa 3:20 tuliwasha skrini bila kuigusa programu, zikaingia arifa za barua pepe, lakini ya zamu haikuonekana. Tulipoifungua programu, jumbe zote mbili zikatokea.

Hapo palikuwa na jibu tayari. Ujumbe wa saa 2:15 ulikwama dakika 10 tu baada ya ule ulioingia vizuri, muda mfupi mno kwa usingizi mzito, na kuwashwa kwa skrini hakukuutoa. Tuliifagia tena programu, tukaiunganisha simu na kompyuta na kuuliza hali ya programu kwa adb, chombo cha kuiamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta. Jina lililo hapa ni la mfano tu:

```
adb shell "dumpsys package com.mfano.zamu | grep stopped"
```

Katika jibu kulikuwamo `stopped=true`, ilhali hakuna aliyekuwa amebonyeza “Force stop”. Asiye na kompyuta anaweza kutazama ukurasa wa maelezo ya programu: kitufe cha “Force stop” kikiwa kimefifia na hakibonyezeki, kwa kawaida programu imekwisha kusimamishwa.

Dawa ilikuwa na sehemu mbili, na ya kwanza peke yake isingetosha. Tulifungua ukurasa wa programu ndani ya mipangilio, tukaingia kwenye betri na kuchagua “Unrestricted”, chaguo ambalo huiondoa programu kwenye vikwazo vya Android yenyewe. Lakini mlinzi wa mtengenezaji ana daftari lake. Kwenye simu za Xiaomi daftari hilo huitwa “Autostart”; kwenye Samsung unatafuta “Background usage limits” na kuitoa programu kwenye “Deep sleeping apps”; kwenye Huawei unafungua “App launch”, unazima usimamizi wa kiotomatiki, kisha unawasha vitufe vyote vitatu vinavyotokea. Majina huhamahama kati ya toleo na toleo, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuandika “auto” au “sleep” kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio. Shemeji alikipata kitufe cha simu yake, akakiwasha, na tukaifungua programu mara moja ili iondoke katika hali ya kusimamishwa, hatua ambayo watu huisahau na kudhani mipangilio haikushika. Tukarudia jaribio lilelile, na kufagia kukiwamo. Ujumbe uliotumwa baada ya saa nzima ya ukimya uliingia simu ikiwa bado imelala mezani.

Sikumshauri afanye hivyo kwa programu zote. Programu inayosubiri ujumbe kupitia FCM hailii betri sana, kwa sababu bomba lile liko wazi hata hivyo, lakini ukiziruhusu programu 40 zifanye kazi zitakavyo, zipo ambazo hazitaridhika kusubiri, na betri itaisha mchana. Tatu au nne ambazo ucheleweshaji wake una gharama kwako zinatosha.

Kuna dalili ya katikati inayochanganya watu, ile arifa isemayo kwamba huenda una ujumbe mpya bila kukuonyesha ujumbe wenyewe. Hiyo maana yake bomba lilifanya kazi na programu iliamshwa, ila ilipojaribu kuufuata ujumbe kwenye seva yake ilinyimwa mtandao, mara nyingi na kiokoa data. Iruhusu programu hiyo kutumia data isiyo na kikomo, wala usihangaike na betri.

Zile zisizofika kamwe zina maelezo yake pia. Mtumaji anaweza kuupa ujumbe muda wa kuishi, na FCM haiutunzi zaidi ya majuma 4. Taarifa ya simu inayoita ndani ya programu aghalabu hupewa muda mfupi sana, kwani haina maana simu iite saa mbili baada ya mpigaji kukata tamaa. Hivyo ujumbe wa maandishi utaukuta umechelewa, lakini mlio wa simu hautausikia kabisa. Tena, tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu mpya haiwezi kuonyesha arifa hata moja mpaka uipe ruhusa, na aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza anaweza kumaliza mwaka akilaumu betri. Ukiwa umeifungua programu, ukaona ujumbe umo ndani lakini hakuna arifa iliyowahi kutokea hata simu ikiwa kwenye chaja, anza na ruhusa hiyo.

Majuma machache baadaye simu ya shemeji ilipokea toleo jipya la mfumo, na zamu moja ikapotea tena. Safari hii hakuniita. Alifungua ukurasa wa programu, akakuta “Force stop” imefifia, akaenda moja kwa moja kwenye daftari la mtengenezaji: kitufe kilikuwa kimezimwa na toleo lile jipya.