Bei Ikiporomoka, Kodi Huporomoka Zaidi: Dhana Potofu Kuhusu Mapato ya Madini na Mifuko ya Akiba

Kila Juni, bajeti inaposomwa Dodoma, huku Dar es Salaam mazungumzo hunoga, kuanzia maofisi ya Posta hadi vijiwe vya kahawa vya Kariakoo. Hoja zinazorudi sana kuhusu dhahabu na kodi zina makosa ya hesabu, na makosa hayo yana gharama: serikali ikikosa fedha katikati ya mwaka, mkandarasi halipwi, na fundi wake naye halipwi.

Dhana: Bei ya dhahabu ikishuka kwa asilimia 20, kodi nayo inashuka kwa asilimia 20.

Mrabaha ndivyo unavyokwenda, kwa sababu unatozwa kwenye thamani ya dhahabu yenyewe. Hapa kwetu ni asilimia 6. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, inatozwa kwenye faida, na faida ndiyo inayoumia zaidi.

Tuchukue mfano. Mgodi unauza wakia moja kwa dola 2,000, na gharama za kuichimba ni dola 1,400. Ili hesabu iwe nyepesi, mrabaha tusiuhesabu kama gharama. Serikali inapata mrabaha wa dola 120, na kodi ya dola 180 kwenye faida ya 600. Jumla ni 300. Sasa bei inashuka hadi 1,600. Mrabaha unakuwa 96. Gharama ni zilezile, kwa hiyo faida imebaki 200 na kodi yake ni 60. Jumla ni 156. Bei imepungua kwa moja ya tano tu, lakini serikali imepoteza karibu nusu ya mapato yake. Bei ikipanda, hesabu inageuka vilevile kwa upande wa neema, na hapo ndipo serikali hushawishika kuajiri na kuanzisha miradi ambayo haitaweza kuilipia baadaye.

Dhana: Kuweka fedha za ziada kwenye mfuko wa akiba huku hospitali hazina dawa ni kuwanyima wananchi.

Lawama hii naielewa, na Wachile waliitoa kwa hasira. Nchi yao inategemea shaba. Kwa sheria ya mwaka 2006 waliunda mfuko wa uthabiti, ambao ulianza kupokea fedha mwaka 2007. Utaratibu wao ni huu: wataalamu wa kujitegemea, kila mmoja kivyake, wanakadiria wastani wa bei ya shaba kwa miaka 10 ijayo. Kadirio la juu kabisa na la chini kabisa yanaondolewa, yaliyobaki yanatafutiwa wastani. Bajeti inapangwa kwa bei hiyo, si kwa bei ya sokoni. Bei ya soko ikizidi, ziada inawekwa. Ikipungua, pengo linazibwa kutoka mfukoni.

Katikati ya 2008 ratili moja ya shaba ilikaribia dola 4, na Waziri wa Fedha, Andrés Velasco, alishambuliwa kwa kukataa kutumia ziada. Kufikia Desemba bei ilikuwa chini ya dola 1.50. Mfuko ulikuwa na takriban dola bilioni 20. Januari 2009 serikali ilitangaza mpango wa dola bilioni 4 wa kunusuru uchumi, ukiwemo msaada kwa kaya maskini, na mwaka huo ilichota takriban bilioni 9. Wananchi walipata fedha hizo wakati ambao wasingezipata kabisa.

Dhana: Akaunti yoyote ya akiba inatosha.

Nigeria ilifungua akaunti ya ziada ya mafuta mwaka 2004. Ilifikia takriban dola bilioni 20, lakini haikuwa na sheria madhubuti ya kuilinda, na majimbo yalidai mgawo wao. Kufikia 2010 zilibaki chini ya bilioni 4. Dalili ya mfuko dhaifu ni rahisi kuiona: tafuta kama sheria inataja ni lini fedha ziingie na ni lini zitoke. Kama uamuzi unafanywa kikaoni kila mara, akiba hiyo haitadumu.

Dhana: Mfuko ukiwepo, nchi imekingwa.

Imekingwa na mtikisiko wa muda tu. Bei ikianguka na kubaki chini kwa miaka mingi, mfuko utaisha, na matumizi yatalazimika kupunguzwa hata hivyo. Tena, serikali inayokopa kwa riba ya asilimia 9 huku akiba yake ikizalisha asilimia 3 inapoteza fedha kila mwaka. Mara nyingi heri ilipe kwanza deni ghali.

Dhana: Tanzania tayari tunao mfuko, kwa hiyo dhahabu iko salama.

Mfuko tunao, ulianzishwa na Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015, na unawekwa Benki Kuu. Ila kama jina la sheria linavyosema, unahusu mafuta na gesi. Dhahabu, ambayo ndiyo madini yanayotuingizia fedha nyingi za kigeni, haimo.